Kumjibu Mhariri wa Jarida Hoja kwa Hoja

Makala iliyotumwa kwa jarida la kitaaluma mara nyingi hurudi na maoni ya wahakiki wawili ambao mwandishi hawajui. Anapoirudisha baada ya masahihisho, huambatanisha barua ya majibu. Wengi huiandika kana kwamba wanabishana na wahakiki, ilhali humwendea mhariri, naye ndiye mwamuzi. Yafaa imwezeshe kukagua masahihisho bila kuisoma upya makala nzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa hapa Kigali ameandika kuhusu wanafunzi wanaosema "mbwa inakula" badala ya "mbwa anakula". Amedai kuwa chanzo ni Kinyarwanda, ambamo jina la mnyama huchukua upatanisho wa ngeli yake: imbwa irarya. Mhakiki wa kwanza anaandika: "Matumizi haya husikika pia katika Kiswahili cha Goma. Mwandishi amejuaje kwamba yametoka Kinyarwanda?"

Kujibu "Tumerekebisha, asante" hakumsaidii mhariri, kwani hajui kilichorekebishwa. Mwandishi ayanakili maoni ya mhakiki yote, bila kuyafupisha, kisha chini yake aandike hivi:

"Tunaikubali hoja hii. Tumewatenga wanafunzi waliowahi kuishi Kongo na wale waliojifunza Kiswahili darasani tu. Kundi la pili nalo lina kosa hilo, hivyo dai letu limebaki, ila tumelipunguza nguvu: badala ya 'chanzo ni Kinyarwanda' tumeandika 'chanzo kimojawapo'. Tazama uk. 7, aya ya 2."

Hapo mna msimamo, badiliko lenyewe na mahali lilipo. Namba za kurasa ziwe za rasimu mpya, na zijazwe mwishoni kabisa, maana kila aya inayoongezwa huzisogeza.

Kukataa kunaruhusiwa. Mhakiki wa pili akitaka mazoezi ya kuondoa kosa hilo, mwandishi anaweza kujibu: "Makala hii inachunguza sababu za kosa. Ubora wa mazoezi ungehitaji kujaribiwa darasani, jambo ambalo hatukulifanya. Tumelitaja uk. 14 kuwa suala la utafiti mwingine." Amekataa kwa sababu inayotokana na utafiti wenyewe. Kusema "mhakiki hakuelewa" ni kujiponza. Ikiwa kweli hakuelewa, basi sentensi iliyompoteza iandikwe upya.

Wahakiki wakipingana, mmoja akitaka mapitio ya maandishi yafupishwe na mwenzake yarefushwe, mwandishi amweleze mhariri amefuata rai ipi na kwa nini. Akinyamaza, mmojawapo ataona amepuuzwa.

Kinachowanasa wengi zaidi, kwa maoni yetu, ni aya moja ya mhakiki yenye madai mawili: "Sampuli ni ndogo, na haielezwi ilivyoteuliwa." Mwandishi huitetea idadi, akasahau uteuzi, na makala hurudishwa tena. Madai hayo yagawanywe kuwa 2(a) na 2(b), kila moja na jibu lake.