Vikombe Vilivyogeuka Mioyo

Katika jumba la Topkapi, Istanbul, kumehifadhiwa karata 47 zilizochorwa kwa mkono, ndefu na nyembamba kuliko hizi tunazozijua, zikiwa zimejaa nakshi za dhahabu na buluu. Mtaalamu wa sanaa za Kiislamu L. A. Mayer alizitambua mwaka 1931 kuwa ni kazi ya Misri ya Wamamluki, yaani watawala walioishika Cairo hadi mwaka 1517. Zilipokuwa kamili zilikuwa 52. Zimegawanyika katika makundi manne, na kila kundi lina alama yake: vikombe, sarafu za dirhamu, panga, na fimbo za kuchezea polo, ule mchezo wa kupiga mpira ukiwa juu ya farasi ambao wakubwa wa Cairo waliupenda sana.

Karata za daraja ya juu katika kila kundi ni tatu: mfalme, naibu wa mfalme, na naibu wa pili. Hazina sura ya mtu hata mmoja. Cheo kimeandikwa kwa hati ya Kiarabu, na sehemu iliyobaki ni nakshi. Zichunguze vizuri na utakuwa umeiona mifupa ya karata zote za Ulaya: makundi manne, namba moja hadi kumi, na wakubwa watatu juu yake.

Karata zilivuka Bahari ya Kati katika miaka ya 1370. Tarehe 23 Machi 1377 baraza la mji wa Florence lilitoa amri ya kuuzuia mchezo mpya ulioingia mjini, likauita "naibbe". Jina hilo ni yule naibu wa Cairo, na Wahispania hadi leo huziita karata "naipes". Mchezo ulifika na jina lake na alama zake, na mafundi wa Italia na Hispania wakaanza kunakili walichokiona.

Vikombe, sarafu na panga havikuwapa shida, kwa kuwa vitu hivyo walikuwa navyo majumbani. Fimbo ya polo ndiyo iliyowatatiza. Polo haikuchezwa Ulaya wakati ule, kwa hiyo fundi aliona kitu kirefu chenye ncha iliyopinda asijue ni cha nini. Waitalia wakaifanya fimbo ya heshima, kama ile anayoshika mkuu wa sherehe. Wahispania wakaifanya gogo nene la kijani lenye vifundo, kama lililokatwa mtini asubuhi hiyo. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mfumo tunaouita wa Kilatini: vikombe, sarafu, panga na marungu. Vyeo vya maandishi vikapewa miili: mfalme akakalishwa kwenye kiti, naibu akapandishwa farasi, na wa tatu akasimamishwa kwa miguu kama mtumishi. Malkia hana nafasi katika karata za Kihispania hata leo.

Ndani ya mfumo huo upo mgawanyiko ambao jicho huupata upesi kwa kutazama panga. Katika karata za Venisi, Bergamo na miji jirani ya kaskazini mwa Italia, panga zimepinda kama upinde na zimesukwa pamoja, kiasi kwamba kuzihesabu kunahitaji utulivu. Huo ndio mpangilio ulio karibu zaidi na zile karata za Istanbul. Katika karata za Kihispania panga ni zilizonyooka, fupi, na kila moja imesimama peke yake. Za Naples na Sisilia zinafuata mtindo huo wa Kihispania, maana kusini mwa Italia kulitawaliwa na Hispania kwa muda mrefu. Wareno wa zamani walikuwa na njia yao ya katikati: panga zilizonyooka lakini zinazopishana, na kwenye karata ya moja ya kila kundi wakachora joka.

Wajerumani walipozipata karata hawakutaka kunakili. Kwa takriban miaka hamsini walijaribu kila kitu kilichowapendeza macho. Seti iliyoko Stuttgart, ya mnamo mwaka 1430, ina mbwa, paa dume, bata na vipanga, vyote vikiwa mambo ya uwindaji wa mabwana. Seti nyingine, iliyotoka katika karakana ya mchoraji Konrad Witz, ina korongo, mbwa, vipanga na vitu vya kuwaita vipanga warudi mkononi. Fundi mmoja ambaye jina lake halikubaki, lakini ambaye ni miongoni mwa wa kwanza Ulaya kuchora kwa kuchimba bamba la shaba, alitengeneza karata za maua, ndege, wanyama na watu wa mwituni.

Nasisitiza majaribio haya kwa sababu yanaivunja hadithi moja inayopendwa sana. Huenda umewahi kusikia kwamba alama nne ni matabaka manne ya jamii ya zamani: moyo ni kanisa, shupaza ni jeshi, uru ni wafanyabiashara, na maua ni wakulima. Ni hadithi nzuri, lakini watu waliobadilisha alama kutoka mbwa kwenda bata kwenda maua hawakuwa wakificha ramani ya jamii. Walikuwa wakitafuta vitu vinne vinavyotofautiana vizuri, vinavyochoreka, na vitakavyopata mnunuzi. Hiyo tafsiri ya matabaka ilibandikwa baadaye.

Mnamo katikati ya karne ya 15 Wajerumani walitulia kwenye alama nne: mioyo, majani, matunda ya mti wa mwaloni, na njuga, zile njuga ndogo za mviringo alizofungwa kipanga mguuni ili asipotee. Waswisi wanaosema Kijerumani walibaki na matunda ya mwaloni na njuga, lakini badala ya mioyo na majani wakaweka waridi na ngao. Wakubwa wa Kijerumani ni mfalme na watumishi wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na njia ya kuwatofautisha ni rahisi: wa juu amechorwa alama ya kundi lake sehemu ya juu ya karata, na wa chini ameiwekewa chini.

Sasa tufike Ufaransa, mnamo miaka ya 1470 na 1480, mahali ambapo jambo dogo la karakana lilibadilisha meza za dunia nzima.

Karata za kawaida wakati huo zilitengenezwa hivi. Fundi alichonga mistari ya picha kwenye kibao cha mti, akakipaka wino mweusi, akakandamiza karatasi juu yake. Rangi zilifuata moja moja kwa stensili, yaani karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya mafuta hadi isipenye maji, kisha ikatobolewa umbo linalotakiwa. Unaiweka juu ya karata, unapitisha brashi, rangi inashika penye tundu tu. Kila rangi ina stensili yake. Mwisho karatasi hugundishwa tabaka kwa tabaka, hukaushwa, hupigwa msasa zikang'aa, na kukatwa.

Kwa fundi wa Seville au Nuremberg, kila karata ilihitaji kuchongwa. Panga saba zina mipini na makali. Matunda saba ya mwaloni yana vikonyo na vikombe vyake. Njuga ina mstari katikati na tundu chini. Halafu zinakuja rangi: nyekundu, kijani, manjano, pengine na buluu, kwa karata za namba kama kwa karata za picha.

Wafaransa waliuchukua moyo, jani na tunda la mwaloni wakavipunguza hadi vikabaki kivuli tu. Jani likawa ile alama tunayoiita shupaza. Lisimamishe na utaona kikonyo chake bado kipo chini. Tunda la mwaloni likawa jani lenye duara tatu, ambalo wengi wetu huliita maua. Badala ya njuga waliweka umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha. Kisha wakafanya uamuzi mkubwa zaidi: rangi mbili tu, nyekundu na nyeusi, na kila alama iwe na rangi moja bila mstari ndani yake.

Hesabu yake ni hii. Seti ya Kifaransa ina karata 52. Kumi na mbili ni za picha: mfalme, malkia na mtumishi kwa kila kundi. Hizo ndizo pekee zinazohitaji kibao cha kuchonga. Arobaini zilizobaki hazihitaji kibao hata kidogo. Unachukua karatasi nyeupe, unaweka stensili, brashi inapita mara moja, na saba ya moyo imekamilika. Fundi wa Kihispania mwenye seti ya karata 48 alichonga zote 48. Mtu wa Rouen angeweza kuuza kwa bei ambayo mwenzake hangeweza kuifikia, na karata yake ilisomeka hata kwenye mwanga wa mshumaa.

Rouen ilikuwa bandari ya biashara, na karata zake zilivuka hadi Uingereza. Mwaka 1628 watengenezaji karata wa London walipata hati ya mfalme Charles wa Kwanza na ulinzi dhidi ya karata za nje, lakini kufikia hapo mtindo wa Rouen ulikuwa umeshakuwa wa Kiingereza. Waingereza waliueneza popote walipofika.

Pwani yetu inaonyesha jinsi tabaka hizi zilivyolaliana. Majina kopa, shupaza, uru na pau yametoka kwa Wareno, nao walikuwa wakitaja vikombe, panga, dhahabu na marungu ya mfumo wa Kilatini. Ureno ilipohamia alama za Kifaransa katika karne ya 19 iliendelea kutumia majina ya zamani, na ndiyo maana alama ya moyo huitwa kopa, yaani kikombe, na ile iliyotokana na jani huitwa upanga. Wanaosema kisu badala ya uru, au maua badala ya pau, wanaitaja picha iliyo mbele yao. Wanaosema pau wanalitaja rungu ambalo halimo tena kwenye karata.

Ushindi wa stensili haukuwa kamili. Waswisi wa upande wa mashariki huchezea waridi na ngao mchezo wao wa Jass, ilhali wa magharibi huuchezea karata za Kifaransa. Ujerumani iliingia kwenye shida ya namna hiyo nchi ilipoungana mwaka 1990. Mchezo unaopendwa zaidi huko, Skat, ulizaliwa katika mji wa Altenburg mwanzoni mwa karne ya 19. Mji huo ulikuwa upande wa mashariki, ambako wachezaji wengi walitumia majani na njuga, na wa magharibi walitumia alama za Kifaransa. Kwenye mashindano ya pamoja lilipatikana suluhisho la rangi: maumbo yawe ya Kifaransa, lakini shupaza ipakwe kijani kama jani, uru ipakwe manjano kama njuga, moyo ubaki mwekundu, na maua, yanayosimama mahali pa tunda la mwaloni, yabaki meusi.