Suruali ya mteja anayetumia kiti cha magurudumu

Mafundi wenzangu wa Kasulu na Kibondo, mteja huyu usimpime kwa suruali ya mtu anayesimama. Mtu akikaa, suruali ya kawaida inashuka nyuma, mgongo unabaki wazi, na mbele kitambaa kinajikunja tumboni.

Mpime akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mteja wangu mmoja nilimkatia hivi: nyuma niliongeza inchi 3 kwenda juu, mbele nikapunguza inchi 2. Miguu niliongeza inchi 2, maana goti likikunjwa pindo linapanda.

Mshono wa makalio ndio wa kuangalia sana. Mpinde wake nyuma uwe mrefu na wa kina zaidi, kisha ufungue mshono upande huu na huu, upige pasi mpaka ulale. Mifuko ya nyuma usiweke kabisa. Asiye na hisia makalioni hasikii kinachomgandamiza, atashtukia kidonda. Siku ya kwanza avae kwa muda mfupi, kisha mtu wa nyumbani amkague. Ukikuta alama ya mshono imebaki au ngozi imebadilika rangi na haififii, asiivae tena mpaka uirekebishe.

Kwa mikono dhaifu, weka zipu ndefu na ufunge kitanzi cha utepe kwenye kishikio chake, kidole kiingie. Kiunoni badala ya kifungo shona velkro, upande wa kukwaruza usiguse ngozi. Mwambie aifunge kabla ya kufua, la sivyo inajaa nyuzi na kuacha kushika.