Tokeni Zikikaribia Kuisha: Ujumbe wa Simu Uje Lini, na Mara Ngapi?

Wateja wa stima ya kulipia mapema mjini Kitale na Bungoma huuliza kwa nini simu haiwaonyi kabla ya tokeni kuisha, ilhali ndiyo waliyonunulia. Jibu limo ndani ya mita. Unaponunua kupitia Paybill 888880, Kenya Power hukutumia nambari ya tarakimu 20. Ukiibonyeza, yuniti huingia kwenye mita na kupunguzwa humo humo. Mita ya kawaida haina njia ya kurudisha habari: kampuni inajua ulichonunua, haijui kilichobaki.

Ujumbe wa onyo basi hupatikana kwa njia mbili. Mita za kisasa zenye mawasiliano zinaweza kutuma salio lenyewe. Kwa mita ya kawaida, mtoaji huduma anaweza tu kukadiria kutokana na ununuzi wako wa nyuma. Makadirio hayo hukosea. Tokeni uliyonunua ukaiacha kwenye simu itahesabiwa kana kwamba imeshaingia kwenye mita.

Swali la pili ni lini onyo litumwe. Chukua mfano wa nyumba ya Kitale inayotumia yuniti 2 kwa siku, na duka la maziwa la Bungoma lenye friza linalotumia 8. Onyo likitumwa yuniti 10 zinapobaki, nyumba ina siku tano, lakini duka lina takriban saa 30 tu kabla maziwa hayajaanza kuharibika. Heri kuhesabu siku. Kwa siku tatu, duka litaonywa likiwa na yuniti 24, na nyumba ikiwa na 6.

Baada ya hapo, jumbe mbili zaidi zinatosha: moja siku moja kabla, nyingine stima inapokatika. Zikizidi, mteja huzoea kuzipuuza, na ile ya maana hupita bila kusomwa. Kama yuniti zitaisha usiku, onyo lije jioni, maduka yakiwa bado wazi. Tokeni ikishaingizwa, jumbe zilizosalia zifutwe.

Anayenunua kidogo kidogo kila siku huwa chini ya siku tatu wakati wote. Kwake onyo la kwanza lingekuja kila siku bila faida, kwa hivyo apewe la siku ya mwisho pekee.

Kwa sasa, unaweza kujipimia mwenyewe. Soma salio kwenye mita leo jioni na kesho saa ile ile, bila kuongeza tokeni katikati. Tofauti ni matumizi yako ya siku. Gawanya salio kwa tofauti hiyo, nawe utajua siku zilizobaki. Na ukiwa mpangaji, hakikisha nambari ya simu iliyosajiliwa kwa mita ni yako. Ikiwa bado ni ya mpangaji aliyehama, onyo lolote litamwendea yeye.