Medali Tatu za Rio na Mstari Uliosogezwa

Tarehe 20 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, medali zote za fainali ya mita 800 kwa wanawake zilichukuliwa na Waafrika watupu. Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda kwa dakika 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi akafuata kwa 1:56.49, na Margaret Wambui wa Kenya akaambulia shaba kwa 1:56.89. Kufikia mwishoni mwa 2019 hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusiwa kushindana tena kimataifa katika mbio hizo, isipokuwa akubali kwanza kupunguziwa homoni ya mwili wake. Hawakuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu. Tatizo lilikuwa homoni waliyozaliwa nayo.

Homoni hiyo ni testosteroni. Kila binadamu anayo, mwanamume na mwanamke, ila viwango havikaribiani. Ikipimwa kwa nanomoli katika lita moja ya damu, wanawake wengi hawafiki 2, ilhali wanaume waliobalehe huanzia karibu 8 na kupanda hadi 29 hivi. Ndiyo inayojenga misuli minene wakati wa kubalehe, inayoimarisha mifupa na kuongeza chembe nyekundu zinazosafirisha oksijeni. Kwa sababu hiyo wanaume bora huwapita wanawake bora kwa takriban asilimia 10 hadi 12 katika mbio. Bila kundi lao wenyewe, wanawake wasingeonekana kabisa kwenye fainali. Hadi hapo pande zote zinakubaliana.

Ubishi unaanzia kwa wanawake wachache ambao maumbile yao hayakufuata njia ya kawaida. Hali inayozungumziwa sana ni ile ambayo mtoto ana kromosomu za X na Y na ana korodani zilizobaki ndani ya mwili, lakini anakosa kimeng'enya cha kuigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi inayounda maumbile ya nje ya kiume akiwa tumboni. Anapozaliwa, mkunga anaona msichana. Anapewa jina la kike, analelewa kike na kusoma na wasichana wenzake. Akifikia umri wa kubalehe, korodani zile huanza kutoa testosteroni kwa kiwango cha wanaume. Wapo pia wenye kromosomu hizohizo ambao miili yao haiitikii testosteroni hata kidogo. Hao homoni haiwasaidii kitu, na kanuni huwaacha washindane.

Shirikisho la riadha duniani liliweka kikomo cha kwanza mwaka 2011: nanomoli 10. Mkimbiaji wa India, Dutee Chand, alilipeleka shirikisho hilo kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Julai 2015 mahakama ikasimamisha kanuni hiyo kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ndiyo maana Rio ilikimbiwa bila kikomo. Shirikisho likarudi na kanuni mpya ya 2018, safari hii kikomo kikiwa 5, tena kwa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja tu. Semenya alishtaki, akashindwa tarehe 1 Mei 2019 kwa waamuzi wawili dhidi ya mmoja. Waamuzi wale walikiri wazi kwamba kanuni inabagua, ila wakasema ubaguzi huo ni wa lazima ili kulinda kundi la wanawake.

Hebu tuutazame ushahidi wenyewe. Utafiti uliotegemewa ulichapishwa mwaka 2017, ukichukua takwimu za mashindano ya dunia ya Daegu 2011 na Moscow 2013. Ulionyesha kwamba wanawake wenye testosteroni nyingi walifanya vizuri zaidi katika mita 400, mita 400 kuruka viunzi, mita 800, kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Kanuni ilipotoka, nyundo na upondo havikuguswa. Mita 1500 na maili, ambazo utafiti haukuonyesha tofauti ya maana, ziliingizwa. Wataalamu wengine walipozipitia takwimu hizo walikuta makosa, na mwaka 2021 watafiti wenyewe wakachapisha sahihisho wakisema matokeo yao ni ya kiuchunguzi tu na hayathibitishi kwamba homoni ndiyo iliyosababisha ushindi. Kwamba testosteroni ya kiume inaleta faida, fiziolojia inaunga mkono. Ni faida kiasi gani kwa wanawake hawa mahususi, katika mbio ipi, ndicho ambacho hakikuwa kimepimwa sawasawa.

Kushuka chini ya kikomo kuna njia tatu: vidonge vya uzazi wa mpango kila siku, sindano ya kila mwezi ya kuzuia homoni, au upasuaji wa kuziondoa korodani. Semenya alimeza vidonge kwa miaka kadhaa kabla ya 2015 na ameeleza hadharani jinsi vilivyomuumiza. Mkasa wa Annet Negesa wa Uganda ni mzito zaidi. Alikuwa bingwa wa mita 800 katika Michezo ya Afrika mwaka 2011, akajiandaa kwa Olimpiki ya London, kisha akaambiwa hawezi kwenda. Alifanyiwa upasuaji Kampala, na mwaka 2019 aliiambia televisheni ya ARD ya Ujerumani kwamba hakuelezwa vya kutosha kilichokuwa kinaondolewa mwilini mwake. Shirikisho la dunia lilikana kuhusika. Negesa hakurudi tena kwenye kiwango chake.

Waliokataa dawa walihama mbio. Niyonsaba alihamia masafa marefu, na Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 mjini Zagreb. Kijana wa Namibia, Christine Mboma, aliyezuiwa mita 400, alikimbia mita 200 Tokyo akapata fedha. Machi 2023 mlango huo nao ukafungwa: kikomo kikawa 2.5, kwa mbio na michezo yote ya riadha, na mwanamke akae chini yake kwa miezi 24.

Tangu 1 Septemba 2025 swali limebadilika kabisa. Anayetaka kushindana na wanawake kwenye mashindano ya dunia hupimwa mara moja maishani, kwa kufutwa shavuni au kutolewa damu, kuangalia kama ana jeni la SRY linalokaa kwenye kromosomu Y. Andrew Sinclair, mwanasayansi aliyeligundua jeni hilo mwaka 1990, amepinga matumizi hayo: jeni kuwepo hakuelezi kama linafanya kazi, wala kama mwili unaitumia testosteroni. Historia inamuunga mkono. Kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 wanawake wanane walionekana na chembechembe za Y, na wote wakaruhusiwa kushindana baada ya uchunguzi zaidi. Kabla ya Sydney 2000 kipimo kikafutwa.

Kundi la wanawake linahitaji mpaka, na mpaka wowote utamwacha mtu nje. Lakini mpaka uliosogea kutoka 10 hadi 5, hadi 2.5, kisha ukawa jeni, ndani ya miaka 14, haupaswi kumkuta msichana ghafla akiwa tayari na medali shingoni. Mashirikisho ya Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi ndiyo yanayowapeleka mabinti hawa. Yapime mapema na kwa siri. Daktari amweleze binti majibu kwa lugha anayoielewa kabla jina lake halijatumwa popote. Na asiwepo kocha wala kiongozi atakayemtajia kisu kama njia ya kufika Olimpiki.