Maji Huvutwa, Sukari Husukumwa

Mgema wa pwani hatafuti tembo kwenye shina la mnazi. Hupanda hadi kileleni, akachagua karara ambalo halijapasuka, akalifunga kwa kamba na kulipinda taratibu kwa siku kadhaa, kisha akaikata ncha yake kwa kotama na kutundika kibuyu. Utomvu hudondoka usiku kucha. Asubuhi na jioni hurudi kuchonga kipande chembamba, maana kidonda kikiachwa huziba na tembo hukatika.

Katika kila gramu 100 za tembo hilo bichi mna gramu 15 hivi za sukari, nalo hutoka lenyewe, bila kukamuliwa wala kufyonzwa. Sasa kata tawi la mwembe lenye majani mabichi mchana wa jua kali, ulitazame sehemu ya mbao. Hapo maji hayatoki. Hewa ndiyo inayoingia na kujaza vijibomba vilivyokatwa, na ndiyo sababu wauza maua waangalifu huzikata upya shina za waridi zikiwa ndani ya maji. Mmea mmoja, basi, una mifereji ya aina mbili: mmoja ukiukata unatema, mwingine ukiukata unavuta. Wa kutema ni floemu, unaobeba sukari. Wa kuvuta ni zailemu, unaobeba maji na chumvichumvi za udongo.

Vijibomba vya zailemu vimetokana na seli zilizokufa. Zilikua, zikakaza kuta zake kwa lignini, kisha zikafa na kubaki tupu. Seli iliyokufa haiwezi kusukuma kitu. Nguvu iko juu, kwenye jani, na inatoka nje ya mmea kabisa, kwa kuwa hewa ni kavu kuliko jani. Stomata, vitundu vidogo vya jani, vikifunguka ili kuingiza kaboni dayoksaidi, mvuke hutoroka papo hapo. Maji yaliyosalia kwenye kuta za seli za jani huvuta yaliyo nyuma yake, na kwa sababu molekuli za maji hushikana kwa nguvu, mvuto huo hushuka safu nzima hadi kwenye ncha za mizizi. Henry Dixon na John Joly walilieleza hilo mwaka 1894, na wengi waliona ni vigumu kuliamini.

Walikuwa na sababu. Pampu ya kufyonza, hata iwe bora namna gani, haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi, kwa kuwa kinachoyainua ni uzito wa hewa ya nje tu. Lakini kwenye korongo moja la Kilimanjaro kuna mti wa ukoo mmoja na mwarobaini ambao vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 viliupa urefu wa mita 81.5. Kuyafikisha maji kwenye jani la juu kabisa kunahitaji mvuto unaozidi uzito wa hewa mara nane, bila kuhesabu msuguano wa njiani. Maji huustahimili mvuto huo maadamu safu haijakatika. Kipovu cha hewa kikiingia, safu hukatika na kijibomba hicho hakifanyi kazi tena. Ukame mkali huua miti mingi kwa njia hii: udongo hushikilia maji, hewa huendelea kuvuta, na safu hukatika moja baada ya nyingine mpaka matawi ya juu yanakauka.

Floemu ni habari tofauti. Seli zake ni hai, ingawa zimepoteza kiini na kutegemea seli jirani zinazozihudumia. Zimeungana ncha kwa ncha, na kuta za katikati zina matundu. Jani linapotengeneza sukari, seli hizo jirani hutumia nishati kuipakia humo mpaka inakuwa nzito kuliko popote pengine. Utamu huo huyavuta maji kwa osmosisi kutoka kwenye zailemu iliyo kando yake, na mrija hujaa hadi shinikizo lake kufika mara kumi ya hewa ya kawaida, yaani zaidi ya mara nne ya upepo wa tairi la gari dogo. Upande wa pili, kwenye mzizi au tunda, sukari hushushwa ili itumike au iwekwe akiba. Maji hutoka pamoja nayo, na shinikizo hupungua. Utomvu hutiririka kutoka palipojaa kwenda palipopungua, mara nyingi chini kidogo ya mita moja kwa saa. Haya aliyapanga Mjerumani Ernst Münch katika kitabu chake cha mwaka 1930.

Vidukari wanalithibitisha bila kujua. Mdomo wao ni mwembamba kiasi cha kuingia ndani ya mrija mmoja tu wa floemu. Watafiti waliwakata wadudu hao na kuacha mdomo umechomekwa, nao ukaendelea kutoa utomvu mtamu kwa saa nyingi. Mdudu hakuwa anafyonza. Alikuwa analishwa na shinikizo la mmea.

Kutoka hapo suala la mwelekeo linajieleza. Maji hupanda kwa sababu chanzo cha maji kiko chini na hewa inayoyavuta iko juu, na mpangilio huo haubadiliki kirahisi. Sukari haina juu wala chini, ina panapotengenezwa na panapohitajika. Katika shina moja majani ya chini yanaweza kuwa yanalisha mizizi wakati huohuo majani ya juu yanalisha chipukizi, kila mkondo ukipita mirija yake.

Anayebandua gome la mwembe mduara mzima huonyesha hili kwa bei ghali. Floemu ya mwembe iko kwenye gome, zailemu ndiyo mbao. Majani hubaki ya kijani kwa wiki au miezi, kwa kuwa maji bado yanapanda, na mwenye shamba huamini mti umepona. Lakini tazama ukingo wa juu wa kidonda: umevimba, kwa sababu sukari imefika hapo ikakosa njia. Chini, mizizi inakula akiba yake mpaka inakwisha, na ikifa ndipo majani hunyauka. Marcello Malpighi, Mtaliano, aliuona uvimbe huo tangu karne ya 17. Mnazi haufi kwa namna hii, kwa kuwa floemu na zailemu zake ziko pamoja katika vifungu vilivyotawanyika shina zima.

Muhogo ndio unaonifurahisha kuliko yote, kwa sababu hugeuza mkondo wake mbele ya macho yetu. Kipande cha shina kilichopandwa hakina majani wala mizizi, hivyo wanga wake hugeuka sukari na kulisha machipukizi yaliyo juu pamoja na mizizi inayoanza chini. Majani yakikomaa, sukari hushuka miezi mingi na mizizi hunenepa. Kiangazi kikikaza, muhogo hupukutisha majani ili usipoteze maji. Mvua zikirudi, mizizi iliyokuwa inapokea ndiyo inayotoa: wanga huyeyuka, sukari hupanda kupitia floemu na kujenga majani mapya. Anayeng'oa muhogo majuma hayo hupata mizizi yenye maji mengi na unga mchache. Akisubiri majani yakomae, mkondo hugeuka tena na wanga huanza kurudi mzizini.