Ukurasa wa kompyuta unapohamia kwenye simu ndogo

Ukurasa wa tovuti wenye upana usiobadilika hupimwa mara moja tu, kwa kioo cha kompyuta ya mezani. Kwa miaka mingi kipimo kilichozoeleka kilikuwa pikseli 960, zikigawanywa kati ya safu kuu ya maandishi na safu nyembamba ya pembeni. Simu ndogo ina nafasi ya pikseli 320 hadi 360 tu. Pikseli hizo si za kioo chenyewe bali za hesabu ya kivinjari: simu yenye kioo cha pikseli 1080 kwa upana inaweza kuuambia ukurasa kwamba ina 360.

Mwaka 2007 iPhone ilipotoka, kivinjari chake kilichora kila ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha kikaupunguza wote ukae kwenye simu. Vivinjari vingine vya simu vilifuata njia hiyo hiyo. Kwenye simu ya 360, herufi za pikseli 16 huonekana kama za pikseli 6, na msomaji hulazimika kukuza kwa vidole viwili, kisha kuusukuma ukurasa kushoto na kulia ili amalize kila mstari. Mwaka 2010 mbunifu Ethan Marcotte alieleza njia nyingine: ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na nafasi uliyopewa. Upana ambao mpangilio hubadilika ndio mafundi huuita brekipointi.

Mfano mzuri ni ukurasa wa shule ya sekondari. Una menyu ya vipengele sita juu, safu kuu ya pikseli 620 yenye maelezo ya shule na jedwali la ada, na safu ya matangazo ya pikseli 300, zikitenganishwa na pengo la 40. Kazi huanza kwa kuweka mstari huu kwenye kichwa cha HTML:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
```

Mstari huo hukiambia kivinjari kitumie upana halisi wa simu badala ya ule wa kudhania. Haufai kuongezewa `user-scalable=no`, kwa sababu amri hiyo inaweza kumnyima mwenye macho dhaifu uwezo wa kukuza maandishi. Ukiwekwa peke yake, ukurasa huonekana umeharibika zaidi: herufi zinasomeka, lakini mpangilio wa 960 umetoka nje ya kioo. Kinachofuata ni kuondoa vipimo vigumu. Pale palipoandikwa `width: 960px` huandikwa `max-width: 960px`, na picha hupewa `max-width: 100%` pamoja na `height: auto` ili zipungue bila kupotoka umbo. Safu mbili huvunjwa, kila kitu kikae kwenye safu moja, maandishi yakitangulia na matangazo yakifuata. Mpangilio huo wa simu ndio unaokuwa msingi. Skrini pana ndiyo inayoongezewa masharti.

Hapo ndipo brekipointi huchaguliwa. Kosa la kawaida ni kuzichukua kutoka kwenye orodha ya simu na tableti zinazouzwa sokoni. Vifaa hubadilika kila mwaka, na orodha hiyo haijui chochote kuhusu maandishi ya shule. Njia ya uhakika ni kufungua ukurasa kwenye dirisha la pikseli 320, kulipanua polepole, na kusimama pale yaliyomo yanapoanza kukaa vibaya.

Katika ukurasa huu, kwenye dirisha la 600, baada ya kutoa nafasi ya 16 kila upande, mstari hubeba herufi kama 70. Hizo zinasomeka vizuri. Kwenye 700 mstari hupita herufi 80, na jicho huanza kupoteza mahali linaporudi mwanzo wa mstari unaofuata. Hata hivyo, kuweka safu mbili hapo ni mapema: zikitolewa 300 za matangazo na pengo la 40, safu kuu hubaki na pikseli 328, yaani herufi kama 41 tu. Kwenye 800 safu kuu hupata 428, herufi kama 53, na usomaji hutulia. Kwa hiyo brekipointi ya safu ni 800, na kati ya 600 na 800 aya huzuiwa kwa `max-width: 65ch` zisirefuke kupita kiasi.

```css
.ukurasa { max-width: 960px; margin: 0 auto; padding: 0 16px; }
@media (min-width: 50em) {
  .ukurasa {
    display: grid;
    grid-template-columns: minmax(0, 1fr) 300px;
    gap: 40px;
  }
}
```

`50em` ni sawa na pikseli 800 pale herufi za kawaida za kivinjari zinapokuwa 16. Faida yake ni kwamba msomaji aliyeongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio ya kivinjari atabaki kwenye safu moja kwa muda mrefu zaidi, na maandishi yake hayatabanwa. `minmax(0, 1fr)` nayo huiruhusu safu kuu kupungua hata kama ndani yake mna kitu kipana. Ikiandikwa `1fr` peke yake, jedwali la ada linaweza kuisukuma safu nzima nje.

Menyu ina brekipointi yake. Vipengele sita vyenye nafasi ya kutosha kuguswa huenea takriban pikseli 560, kwa hiyo chini ya `35em` hupangwa viwili viwili katika safu tatu za kulala. Kila kimoja kikipewa kimo cha pikseli 48, kidole hakitagusa cha jirani. Ukurasa huu hauhitaji brekipointi nyingine. Mbili zinatosha, kwa kuwa ni mambo mawili tu yaliyokataa kukaa vizuri.

Jedwali la ada lenye nguzo tano haliwezi kuingia kwenye 320 bila kuharibika. Huwekwa ndani ya kisanduku chenye `overflow-x: auto`, ili jedwali pekee lisogee kushoto na kulia huku ukurasa ukibaki umetulia.

Dalili ya kosa lililobaki ni ukurasa mzima kuyumba kushoto na kulia unapoguswa. Chanzo mara nyingi ni picha iliyosahauliwa, kisanduku chenye kipimo kigumu, au anwani ndefu ya barua pepe isiyokatika, ambayo hutibiwa kwa `overflow-wrap: anywhere`. Kuficha tatizo kwa kuupa ukurasa mzima `overflow-x: hidden` hakuliondoi: maandishi yaliyotoka nje hukatwa, na mzazi anaweza kukosa tarakimu ya mwisho ya ada. Fomu nazo zina mtego wake. Kwenye iPhone, kisanduku cha kuandikia chenye herufi zilizo chini ya pikseli 16 huufanya ukurasa ujikuze wenyewe mara kinapoguswa.

Jaribio la mwisho hufanyika kwenye kompyuta yoyote: dirisha la pikseli 1280 likikuzwa kwa asilimia 400 hubaki na nafasi ya 320, kipimo kile kile ambacho mwongozo wa WCAG hutumia kwa maandishi. Ukurasa ukisomeka hapo kwa kuteremka tu, bila kusogea pembeni isipokuwa ndani ya jedwali, uko tayari kwa simu ndogo. Usiposomeka, dawa ni kurudi kwenye yaliyomo na kupima upya, si kuongeza brekipointi nyingine.