Umeme Uliporuka Ghalani Nkwenda

Ilikuwa saa 4:20 asubuhi, mwishoni mwa Mei, msimu wa kahawa ndiyo kwanza umeanza. Nilikuwa ndani ya ghala la chama kimoja cha msingi, upande wa Nkwenda wilayani Kyerwa, nikiwaeleza wakulima namna ya kuanika kahawa ya maganda. Ukutani palitundikwa shuka jeupe, na juu yake picha ya kahawa iliyoota ukungu, kubwa kama mlango. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "ukiifunga kwenye gunia kabla ya..." pale sauti yangu ilipokatika na ukuta ukabaki shuka tupu.

Umeme ulirudi baada ya sekunde mbili. Balbu ziliwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Laptopu haikuwa na habari, maana ina betri yake. Spika zilipiga kishindo, kisha zikaanza kukwaruza. Projekta ilibaki imezima, kitaa chekundu kikikonyeza.

Nimefanya kazi ya ugani Karagwe na Kyerwa miaka mingi, tangu Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe, kabla hazijagawanywa mwaka 2012. Kuruka kwa umeme si jambo geni huku. Kwa miaka mingi Kagera haikuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wake ulinunuliwa Uganda, ukaja kwa njia kubwa kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka, na kutoka hapo nguzo zikapanda vilima kuja huku kwetu. Njia ndefu ya namna hiyo inapita kwenye mikaratusi na migomba. Tawi likigusa waya, swichi ya njiani inakata, inasubiri kidogo, inajaribu kurudisha. Tawi likiwa limeshaanguka, umeme unakaa. Kwa hiyo ajali ya kawaida ya mtoa mada wa huku si giza la saa tatu. Ni hizo sekunde mbili.

Na sekunde mbili zinatosha kuiua projekta kwa dakika kadhaa. Projekta nyingi za ofisini bado zina taa ya mvuke wa zebaki. Taa ikiwa inawaka, ndani yake kuna joto kali na mgandamizo mkubwa, na ikizimika ghafla haiwezi kuwashwa tena mpaka mgandamizo ushuke. Mbaya zaidi, umeme ukikatika feni nayo inasimama, joto linabaki limejifungia humo humo. Kijana wa mitambo, kwa nia njema kabisa, alikuwa anabonyeza kitufe cha kuwashia mara tano, mara sita. Hiyo haisaidii kitu. Unaiacha feni izunguke, kitaa kiache kukonyeza, ndipo unabonyeza mara moja. Zile za kisasa za LED au leza hazina shida hii, ila sijawahi kuikuta moja kwenye ghala la kahawa.

Siku hizi nikiwa na gari nabeba betri ya akiba, ile ya kompyuta za mezani, na ninachomeka projekta kwayo. Ndogo tu, mradi iweze kubeba wati za projekta. Inaishikilia kwa dakika chache, na mimi nahitaji sekunde mbili. Siku ile ya Nkwenda sikuwa nayo.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumalizia sentensi. Hili nilijifunza kwa kukosea mara nyingi. Maiki ikikatika, kila mtu huachwa na nusu ya neno sikioni, na mtoa mada wa kawaida hugeuka kuangalia mitambo, anagonga maiki, anapuliza, anasema "haloo, haloo". Mtu akishageuza mgongo, watu mia wanaanza mazungumzo mia. Mimi nilishusha maiki, nikapaza sauti: "...kabla ya kukauka, inaota ukungu, na mnunuzi anaishusha daraja." Baada ya hapo ndipo nikanyamaza kidogo.

Wapo waliopata kuonyesha upande wa pili wa jambo hili mbele ya dunia. Tarehe 23 Septemba 1976, mjini Filadelfia, Rais Gerald Ford na Jimmy Carter walikuwa kwenye mdahalo wa televisheni, mamilioni ya Wamarekani wakitazama. Sauti ikakatika. Chanzo kilikuwa kifaa kidogo cha bei ya senti kwenye amplifaya. Wale mabwana wawili, mmoja Rais na mwingine mwenye kuutaka urais, walisimama nyuma ya meza zao dakika 27, karibu bila kusema neno wala kuketi, kila mmoja akiogopa kuonekana mchovu mbele ya mwenzake. Nawaonea huruma, lakini hata katibu wa chama cha msingi angewashinda siku hiyo. Angalau angewaambia watu wakae.

Tatizo langu halikuwa la heshima. Lilikuwa la umbali. Ghala lile lilikuwa refu, na walioketi nyuma walikuwa mita 16 hivi kutoka nilipo. Sauti ya mtu anayeongea kwa kawaida, ukiisikiliza mita 1 kutoka kinywani, ni kama desibeli 60. Kila umbali unapozidi mara mbili, unapoteza desibeli 6 hivi. Mita 2, mita 4, mita 8, mita 16: umeshapoteza 24, umebaki na mnong'ono. Ni kweli ndani ya nyumba kuta zinarudisha sauti, lakini kwenye ghala la sakafu ya saruji na paa la bati inarudi imevurugika, neno linapanda juu ya neno. Ukipiga kelele, unaongeza mvurugiko, na koo litakuwa limekwisha kabla ya saa moja.

Njia rahisi ni kuwasogeza watu. Mtu wa mita 16 akija mita 4, amerudishiwa desibeli 12, na wewe hujaumiza koo. Ila huwezi kuwasogeza watu wa mkutano kama ng'ombe. Kuna meza kuu, kuna wazee kwenye viti vya mbele, kuna akina mama kwenye mabenchi ya nyuma karibu na mlango.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "naomba ruhusa yako nihame. Nitasimama pale katikati, na wazazi wangu walioko nyuma wasogee."

"Ruhusa unayo," akajibu. "Wazee, geuzeni viti."

Kuhama mimi kuliokoa mambo mawili. Wazee hawakulazimika kuinuka, waligeuza viti tu. Na wale wa nyuma, ambao tangu asubuhi walikuwa wanasikia mwangwi, ghafla wakawa wa mbele. Nilisimama mgongo wangu ukiwa karibu na ukuta wa pembeni, wao wakanizunguka kwa nusu duara. Nikapunguza mwendo wa maneno. Nilipofika kwenye jambo zito, nilisema sentensi fupi nikamsubiri katibu airudie kwa Kinyambo. Kwa kawaida tafsiri hiyo hunichosha. Siku ile ilinipa nafasi ya kuvuta pumzi, na aliyekosa neno kwa Kiswahili alilidaka kwa Kinyambo.

Wakati huo fundi mitambo alikuwa na kazi moja tu niliyomnong'oneza: apige muziki wa simu kupitia spika, kidogo, aone. Hicho ndicho kipimo. Muziki ukitoka vizuri na maiki haitoki, ugonjwa uko kwenye maiki: betri, swichi yake, au waya. Vyote viwili visipotoka, ugonjwa uko kwenye amplifaya au umeme wenyewe. Muziki ulitoka. Maiki ile haina waya, inatumia betri mbili ndogo, na tangu saa 3 sauti ilikuwa inakuja na kupotea kila nilipogeuka. Tulikuwa tumeonywa, hatukusikia. Kukatika kwa umeme kuliikuta maiki inayokufa tayari. Betri mpya zilikuwa dukani, ng'ambo ya barabara, na kijana akatumwa.

Mimi sikugusa kifaa chochote. Mtoa mada anayetengeneza huku anaongea, vyote viwili vinaharibika.

Picha nazo? Nilikuwa na slaidi 22. Nilizitazama kichwani nikajiuliza ni ipi ambayo somo haliwezi kusimama bila hiyo. Ilikuwa moja tu: kutofautisha kahawa iliyokauka na isiyokauka. Nikaomba mifuko miwili niliyokuja nayo, mmoja wa kahawa iliyokaa juani wiki tatu, mwingine wa kahawa ya siku nne.

"Bibi, shikamoo. Hebu shika hizi, zitikise karibu na sikio."

Alichota kiganja, akafumba, akatikisa. Punje zikagongana ndani ya maganda, sauti kavu kama ya njuga ndogo. Akazitikisa na za mfuko wa pili. Kimya. Akacheka. "Hizi zimenuna," akasema.

Ghala zima likataka kutikisa. Mifuko ikazunguka. Niliwaambia wavunje ganda moja, waume punje: iliyokauka jino haliingii, isiyokauka inaacha alama. Si kipimo cha mashine, na mnunuzi atakuja na mashine yake inayotaka unyevu usizidi asilimia 13 hivi. Lakini mkulima anayesubiri mashine hadi siku ya kuuza amechelewa. Uamuzi wa kuondoa kahawa kwenye turubai unafanyika nyumbani, jioni, mvua ikinukia. Slaidi yangu ilikuwa na picha nzuri sana ya haya yote. Isingeweza kulia.

Projekta iliwaka baada ya dakika kama sita. Picha ya ukungu ikarudi kwenye shuka, nyuma ya watu wote. Kijana akaniangalia kwa furaha. Nikamwonyesha kwa kiganja: acha. Kuwarudisha watu kwenye mistari ya zamani kungegharimu robo saa. Betri zilipofika niliipokea maiki nikampa mwenyekiti, kwa ajili ya maswali.

Yapo mambo ambayo mbinu hizi haziyawezi. Saa 5 kasoro mvua ya mwisho wa masika ilishuka juu ya bati. Mvua ya huku ikishika bati, hakuna koo linaloishinda, na hata maiki inageuka kelele juu ya kelele. Nilijaribu sentensi moja, nikaona akina mama wanaangalia midomo yangu badala ya kusikia. Nikaketi kwenye gunia. Mifuko iliendelea kuzunguka, watu wakitikisa kahawa masikioni ingawa sasa hakuna aliyesikia chochote, wakahamia kwenye kuuma.

Ilipopungua, mwenyekiti aliwasha maiki na kumpa mzee mmoja swali la kwanza. Aliuliza bei ya mwaka huu ni shilingi ngapi.